Mwisho wa Sentensi Ndipo Penye Habari

Hapo zamani za kale palikuwa na mfalme. Mfalme huyo alikuwa na binti mmoja tu. Binti huyo aliugua, na ugonjwa wake haukuwa na dawa ila jani la mti fulani. Mti huo ulimea juu ya mlima, na mlima wenyewe ulilindwa na joka la vichwa saba.

Hakuna bibi aliyekwenda darasani kufundishwa kusimulia hivi, lakini karibu kila bibi husimulia hivi. Tazama namna sentensi zake zinavyopokezana kijiti. Ya kwanza inaishia kwa mfalme, ya pili inaanza na mfalme. Ya pili inaishia kwa binti, ya tatu inaanza na binti. Msikilizaji, hata akiwa mtoto wa miaka minne aliyeanza kusinzia, hana mahali pa kupotea, kwa sababu kila sentensi inaanzia pale anapopajua na kumpeleka hatua moja tu mbele.

Sasa chukua barua ya ofisi, taarifa ya kikao au habari ya gazetini. Mara nyingi kila sentensi ina sarufi safi na kila neno linaeleweka, lakini ukifika chini unarudi juu kusoma upya. Msomaji hudhani amechoka au hana elimu ya kutosha. Mara nyingi kosa ni la mpangilio: mwandishi ameanza sentensi na jambo geni, na jambo ambalo msomaji analijua tayari amelitupa mwishoni.

Kanuni yenyewe ni fupi. Anza sentensi na jambo ambalo msomaji ameshakutana nalo, maliza na jambo analolipata kwa mara ya kwanza. Ugumu uko kwenye utekelezaji, na hapo Kiswahili kina zana ambazo lugha nyingi hazina.

Wazo lina umri

Mfaransa Henri Weil alitoa kitabu mwaka 1844 kuhusu mpangilio wa maneno katika lugha za kale na za kisasa. Alionyesha kwamba mawazo yana safari yake mbali na sarufi: msemaji huanzia mahali ambapo yeye na msikilizaji wako pamoja, kisha huenda kwenye lengo la usemi. Karne iliyofuata, Vilém Mathesius, mmoja wa waanzilishi wa Duara la Isimu la Praha mwaka 1926, alilichukua wazo hilo akalifanyia kazi kwa lugha ya Kicheki, na wenzake wa Praha wakaliendeleza kwa miaka mingi.

Jaribio linalolieleza kwa urahisi zaidi lilichapishwa mwaka 1974 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Susan Haviland na Herbert Clark. Waliwapa watu jozi za sentensi fupi wasome, wakapima muda uliotumika kuielewa sentensi ya pili. Jozi moja, kwa Kiswahili, ingekuwa hivi: “Tulitoa bia kwenye buti la gari. Bia ilikuwa ya moto.” Nyingine ingekuwa hivi: “Tulikagua vitu vya pikiniki. Bia ilikuwa ya moto.” Sentensi ya pili ni ileile katika jozi zote mbili, lakini waliosoma jozi ya pili walichukua muda mrefu zaidi.

Sababu ni kwamba katika jozi ya kwanza bia imeshatajwa, kwa hiyo msomaji anaitambua na kupokea habari mpya, yaani joto lake. Katika jozi ya pili bia inatokea ghafla mahali pa jambo linalojulikana. Msomaji analazimika kujenga daraja mwenyewe: kumbe katika vitu vya pikiniki ilikuwamo bia, na ndiyo hiyo inayosemwa. Daraja moja halichoshi. Ukurasa wenye madaraja 20 unachosha, na msomaji haoni kilichomchosha.

Aya moja ya sangara

Tuchukue mfano mmoja tuufanyie kazi. Hii hapa ni aya kuhusu Ziwa Viktoria. Habari zake ni za kweli, na sarufi yake haina kasoro.

“Furu wa mamia ya aina waliishi Ziwa Viktoria. Sangara waliingizwa ziwani humo miaka ya 1950. Kuwinda samaki wadogo ndiyo maisha ya sangara. Kutoweka kwa aina nyingi za furu kulionekana wazi miaka ya 1980. Viwanda vya kukata minofu vilijengwa Mwanza, Kisumu na Jinja baada ya sangara kuongezeka. Nchi za Ulaya zilinunua sehemu kubwa ya minofu hiyo. Mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa, yaliliwa na wakazi wa kando ya ziwa.”

Soma mianzo ya sentensi peke yake: furu, sangara, kuwinda, kutoweka, viwanda, nchi za Ulaya, mapanki. Karibu kila sentensi inafungua mlango mpya kabla ule wa nyuma haujafungwa. Kisha soma miisho: ziwa, miaka ya 1950, sangara, miaka ya 1980, kuongezeka kwa sangara, minofu, wakazi wa ziwa. Mingi katika hiyo ni mambo ambayo msomaji alikuwa ameshayapata. Sentensi ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, maana inaishia kwa sangara, aliyetajwa punde, na habari yake yote, kwamba ni mwindaji, imepita mwanzoni kabla msomaji hajajua inamhusu nani.

Sasa tuipange upya bila kubadilisha habari.

“Katika Ziwa Viktoria waliishi furu wa mamia ya aina. Miaka ya 1950 waliingizwa humo samaki wageni, sangara. Sangara huishi kwa kuwinda samaki wadogo, na samaki wadogo waliokuwa wengi ziwani wakati huo walikuwa furu. Furu hao waliliwa kwa kasi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina zao nyingi hazikuonekana tena. Nafasi yao ilichukuliwa na sangara, walioongezeka kiasi kwamba Mwanza, Kisumu na Jinja vilijengwa viwanda vya kukata minofu. Kutoka viwandani humo minofu mingi ilipelekwa Ulaya. Kwa wakazi wa kando ya ziwa yalibaki mabaki ya vichwa na mifupa, ambayo Mwanza huitwa mapanki.”

Aya zote mbili zina habari zilezile kwa kipimo karibu kilekile. Katika ya pili msomaji anaelewa hata jambo ambalo ya kwanza haikulisema: kwamba sangara ndio waliowala furu. Katika aya ya kwanza ilimbidi alikisie, kwa sababu kutoweka kwa furu kulitokea katika sentensi inayojitegemea, bila kushikana na uwindaji uliotajwa kabla yake. Mpangilio peke yake umebeba sababu na matokeo. Na hapo msomaji makini anaweza kuuliza swali zuri: je, sangara peke yao ndio waliosababisha? Uchafuzi wa maji nao ulichangia. Hilo ni pengo la habari, na katika aya iliyopangwa vizuri pengo la aina hiyo huonekana upesi. Katika aya iliyovurugika hujificha.

Angalia pia neno “mapanki”. Katika aya ya kwanza limewekwa mbele kabisa ya sentensi, na maelezo yake yakafuata. Msomaji wa Lamu au Zanzibar, asiyelijua, anagonga ukuta kabla hajaanza kutembea. Katika aya ya pili anaelezwa kitu kwanza, vichwa na mifupa, kisha anapewa jina lake mwishoni. Neno geni la fani, la lahaja au la kigeni likae mwisho wa sentensi linapotajwa kwa mara ya kwanza. Likishapokewa, linaweza kuanza sentensi inayofuata bila kumtisha mtu.

Zana za Kiswahili

Mwandishi wa Kiswahili hana kisingizio cha kusema sarufi ilimlazimisha. Vitenzi vyetu hubeba ndani yake alama ya mtenda na alama ya mtendwa, na kwa hiyo majina yenyewe yanaweza kuhama mahali pake bila maana kupotea.

Zana ya kwanza wengi wanaijua: kauli ya kutendwa. Ukiwa unazungumzia mtoto, hutasema “Mbwa amemng’ata mtoto”, utasema “Mtoto ameng’atwa na mbwa”. Mtoto anajulikana, mbwa ni habari. Baadhi ya walimu huwakataza wanafunzi kauli hii kwa kudhani inadhoofisha maandishi. Inadhoofisha pale inapomficha mtenda anayetakiwa kutajwa, kama katika “fedha zimetumika”. Lakini pale inapomleta mbele anayejulikana na kumpeleka nyuma asiyejulikana, inafanya kazi yake halali.

Zana ya pili haitumiwi vya kutosha katika maandishi, ingawa mitaani iko mdomoni kila siku. Mama anaingia jikoni, anakuta sufuria tupu, anauliza wali uko wapi. Anajibiwa: “Wali ameula paka.” Wali umetangulia kwa sababu ndio unaoulizwa, paka amekuja mwisho kwa sababu ndiye jibu. Hakuna anayeelewa kwamba wali umemla paka, kwa kuwa katika “ameula” kiambishi “a” ni cha paka na “u” ni cha wali. Vivyo hivyo: “Barua ameileta tarishi”, “Shamba lile amelinunua mgeni”, “Mlango ameufunga nani?” Kauli ya kutendwa haikuhitajika.

Zana hii ina mpaka wake, na mpaka huo ni lazima ujulikane. Inafanya kazi pale mtenda na mtendwa wanapokuwa wa ngeli tofauti. Wakiwa wa ngeli moja, viambishi havitofautishi tena. “Mwizi amemwona polisi”: nani amemwona mwenzake? Katika mazungumzo sauti na kituo kidogo baada ya “mwizi” huenda vikasaidia, lakini kwenye karatasi msomaji atachukua maana ya kawaida, kwamba mwizi ndiye aliyeona. Ukitaka mwizi atangulie naye ndiye aliyeonwa, rudi kwenye kauli ya kutendwa: “Mwizi ameonwa na polisi.”

Zana ya tatu ni kuanza na mahali. “Vitabu vipo mezani” inajibu swali la vitabu viko wapi. “Mezani pana vitabu” inajibu swali la mezani pana nini. Kiswahili kinakwenda mbali zaidi ya hapo, kwa sababu mahali penyewe panaweza kutawala kitenzi: “Nyumbani mwetu mmeingia nyoka”, “Mjini kumejaa wageni”, “Hapa pamelala watu watatu”. Mahali panajulikana, kwa hiyo pametangulia, na nyoka, wageni na watu watatu wamesubiri mwisho. Ndiyo sababu aya yetu ya sangara ilianza na “Katika Ziwa Viktoria waliishi furu”. Ziwa hilo kila msomaji wa Afrika Mashariki analijua. Furu si kila mmoja.

Zana ya nne ni kutanguliza kitenzi. Mtu anabisha hodi, mtoto anakimbia kumwambia baba. Akisema “Mgeni amekuja”, baba anaelewa kwamba amefika yule waliyekuwa wakimngojea. Akisema “Amekuja mgeni”, baba anauliza “Ni nani?” Maneno ni mawili yaleyale, kilichobadilika ni nafasi. Jina likitangulia linachukuliwa kuwa linajulikana, likifuata kitenzi linachukuliwa kuwa linaingia ukumbini sasa hivi. Ndiyo maana tunasema “Limetokea jambo”, “Zimesikika tetesi”, “Amezaliwa mtoto wa kiume”. Mwandishi anayetaka kumwingiza mhusika mpya au jambo jipya katika habari yake ana njia hii tayari, na haimgharimu neno hata moja la ziada.

Ya tano ni ndogo, lakini kuikosea kunasumbua sana. Ni kiambishi cha mtendwa kwa vitu visivyo na uhai. “Nimenunua gari” ni habari ya gari ambalo msikilizaji halijui. “Nimelinunua gari” ni habari ya gari lile tulilolizungumza. Kiambishi “li” kinamwambia msikilizaji kwamba kitu hiki tayari unacho kichwani. Sasa fikiria sentensi ya kwanza ya habari gazetini ikianza “Wananchi wa kijiji hicho wamekijenga kituo cha afya”. Msomaji anajiuliza: kijiji kipi hicho, kituo kipi hicho? “Hicho” na “ki” vimemwahidi jambo analolijua, naye halijui. Kwa watu mambo ni tofauti, kwa sababu kiambishi hutumika karibu wakati wote: tunasema “Nimemwona mtu” hata kama mtu huyo hajulikani. Kwa vitu, kiambishi ni ahadi kwa msomaji.

Mnyororo na mzizi

Baada ya kujua zana, linabaki swali la aya nzima. Mcheki František Daneš alieleza katika miaka ya 1970 kwamba sentensi hufuatana kwa njia chache tu, na mbili kati yake zinamtosha mwandishi wa kawaida.

Ya kwanza ni mnyororo, ile ya bibi na ya sangara: mwisho wa sentensi moja unakuwa mwanzo wa inayofuata. Hii hufaa kueleza sababu na matokeo, hatua za kazi, na safari ya kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Ya pili ni mzizi mmoja: sentensi zote zinaanza na jambo lilelile, na kila moja inaongeza kipya mwishoni. Ndiyo njia ya wasifu. “Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Alifanya kazi serikalini kwa miaka mingi. Aliandika mashairi, insha, hadithi na maisha yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1962.” Hapa pia Kiswahili kinatupa nafuu. Jina halihitaji kurudiwa, wala kiwakilishi hakihitajiki. Herufi moja tu, “a”, inabeba yote yanayojulikana, na sentensi nzima iliyobaki ni ya habari mpya. Wanaorudia “yeye” au “mwandishi huyo” katika kila sentensi wanaujaza mwanzo kwa mzigo ambao kitenzi kilishaubeba.

Kila njia ina hatari yake. Mzizi ukizidi huwa orodha. Mnyororo ukizidi hupotea njia: unaanza na furu, unaishia kwa vichwa vya samaki viwandani, na aliyetaka kujua habari za furu ameachwa nyuma. Aya yetu ya sangara ilifaa kwa makala kuhusu uchumi wa ziwa. Kama makala ingekuwa kuhusu furu, mzizi ungekuwa bora: “Furu walikuwa wa mamia ya aina. Wengi wao walikuwa wadogo, na kwa udogo huo waliwindwa kwa urahisi na sangara. Walidhuriwa pia na maji yaliyochafuka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina zao nyingi hazikuonekana tena.” Kwa hiyo kabla ya kupanga sentensi, amua aya inamhusu nani. Huyo ndiye mwenye haki ya kurudi mwanzoni.

Kinachoharibu miisho

Mwanzo ukiwa sawa, mwisho bado unaweza kuharibiwa, na mharibifu mkuu ni mkia. Chukua tangazo la aina tunayoletewa na watoto kutoka shuleni: “Mkutano wa wazazi uliopangwa kufanyika Jumamosi hii umesogezwa hadi Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa uongozi.” Habari anayoihitaji mzazi ni siku na saa. Lakini sentensi imeendelea kutembea baada ya kufika, na kinachobaki masikioni ni uwezo wa uongozi.

Likipangwa upya linakuwa hivi: “Mkutano wa wazazi uliopangwa kufanyika Jumamosi hii hautakuwapo. Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, umesogezwa hadi Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi.” Sababu, ambayo kila mzazi ameshaizoea, imepita katikati kimyakimya, na saa tatu asubuhi imepata mahali pake.

Mikia mingine inajulikana: “kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa jana”, “katika kipindi husika”, “kwa namna moja au nyingine”, “kama ilivyoelezwa hapo awali”. Inayofaa kubaki ihamishe mwanzoni au katikati. Isiyo na kazi ifute. “Kama ilivyoelezwa hapo awali” ni mfano mzuri wa inayopaswa kuhama, maana yenyewe inatangaza kwamba kinachokuja kinajulikana. Kuiweka mwishoni ni kumpa msomaji kilichochacha baada ya kilicho kibichi.

Pale kanuni inapovunjwa

Kuna wakati kipya kinastahili kutangulia. Anayeona nyoka hasemi “Chini ya kiti chako pana nyoka”. Anapiga kelele “Nyoka!” na mahali panafuata baadaye. Vichwa vya habari hufanya vilevile kwa kuwa kazi yake ni kushtua. Mzozo nao una haki hiyo, na Kiswahili kimeutengea “ndi”: “Mimi ndiye niliyelipa”, “Wewe ndiye uliyechelewa”. Hapa kipya, yaani jina la mhusika, kimepandishwa mbele kwa makusudi, na “ndi” imekipigia mbiu ili msomaji asikidhanie kuwa kinajulikana.

Lakini mbiu ikilia kila dakika hakuna anayegeuka. Katika aya ya kwanza ya sangara tuliona “Kuwinda samaki wadogo ndiyo maisha ya sangara”, mahali ambapo hapakuwa na ubishi wowote. Mwandishi anayejikuta na “ndiyo”, “ndiyo maana” au “ndicho” katika kila sentensi ya pili ajue kwamba anajaribu kutia nguvu kwa neno kile ambacho nafasi ingekitia nguvu bure.

Mpaka wa mwisho ni wa msomaji mwenyewe. Kinachojulikana kwako si lazima kijulikane kwake. Mwandishi aliyekaa mwezi mzima na mada yake huona kila kitu kama kilishatajwa, na huanza sentensi na “mfumo huo” au “changamoto hizo” ambazo hazimo popote kwenye karatasi, zimo kichwani mwake tu. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama jambo hili ni la kawaida. Uliza kama msomaji ameliona katika mistari iliyopita, au kama unaweza kuapa kwamba analijua kabla hajafungua ukurasa.

Jaribu kwenye aya yako

Chukua aya moja uliyoandika, ichape au inakili kwenye karatasi. Pigia mstari maneno matatu au manne ya kwanza ya kila sentensi. Kwa kila mstari, nenda nyuma utafute ni wapi msomaji alikutana na jambo hilo. Ukishindwa kupaonyesha, sentensi hiyo imeanza na mgeni. Kisha zungushia duara neno la mwisho la kila sentensi na ujiulize kama hilo ndilo ungependa msomaji alikumbuke. Kama neno ulilotaka liko katikati, lisukume mwishoni kwa mojawapo ya zana tano tulizoziona.

Halafu soma kwa sauti. Sauti ya Kiswahili hutua mwishoni mwa sentensi bila kulazimishwa. Ukijikuta unakaza neno la katikati ili maana ikae sawa, jua kwamba ukiwa mbele ya watu ungeweza kuliokoa neno hilo kwa sauti yako, lakini msomaji wako hana sauti yako. Ana mpangilio wa maneno yako tu. Basi kabla hujatuma barua, ripoti au tangazo lolote, rekebisha kwanza miisho, kisha mianzo. Sentensi ya katikati ikibaki na kasoro, msomaji atakusamehe.